Ukikosea kwa saa sita kamili: utatuzi wa maswali ya taswira za kioo na za majini

Kwa vijana ninaowafundisha nyakati za jioni hapa Mtwara, ambao wengi wao wanajiandaa kwa usaili wa kuandika, maswali ya taswira, yaani yale yanayouliza neno, umbo au saa inaonekanaje kwenye kioo au majini, ndiyo yanayowapotezea alama wakiwa na uhakika kamili kwamba wamepata. Kijana hubaki ameduwaa anapoona kosa, kwa kuwa alipokuwa akijibu hakuona mahali pa kukosea. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiwaonyesha jibu sahihi na kuendelea na swali linalofuata, na wiki iliyofuata makosa yalikuwa yaleyale. Siku hizi ninaanza na jibu lililokosewa, kwa sababu katika maswali haya majibu ya makosa hayatawanyiki ovyo. Aliyezidisha saa moja amekosea mahali pengine kabisa na aliyezidisha saa sita, na aliyechagua umbo lililozungushwa ana tatizo lisilofanana na la yule aliyechanganya kioo na maji. Ukiitambua dalili, chanzo chake hakiko mbali.

Jambo moja litarudi katika kila dalili hapa chini. Kioo hubadilisha upande mmoja tu, yaani ule unaokatisha mstari wa kioo. Nukta iliyo sentimita 3 upande huu wa mstari huonekana sentimita 3 upande wa pili, lakini kimo chake, ukipima kwa kuufuata mstari wenyewe, kinabaki vilevile. Kioo kikisimama kando ya neno, kushoto na kulia hubadilishana, nayo juu na chini hukaa mahali pake. Maji yaliyotulia ni kioo kilicholala chini ya kitu, kwa hiyo juu na chini hubadilishana, nayo kushoto na kulia hukaa mahali pake.

Dalili: swali limesema kioo, umejibu kwa kioo, na bado umekosa

Mara nyingi msomaji ameona neno "kioo" akageuza kushoto kuwa kulia kabla ya kutazama mchoro. Maswali mengi huonyesha kioo kwa mstari wenye herufi mbili kwenye ncha zake, na mstari huo unaweza kuchorwa umelala chini ya umbo au juu yake. Ukilala, taswira yake ni ileile ya majini, hata kama swali halijataja maji. Kwa hiyo weka kidole kwenye mstari kwanza, ujue kama umesimama au umelala, ndipo usome maneno ya swali.

Dalili: mpangilio wa herufi ni sahihi, lakini jibu si sahihi

Hapa nitatumia majina ya miji yetu miwili, kwa kuwa kila moja lina funzo lake. Liandike neno MTWARA kwa herufi kubwa, kisha simamisha kioo upande wake wa kulia. Herufi iliyo karibu zaidi na kioo ni A ya mwisho, na ndiyo itakayokuwa ya kwanza ndani ya kioo, kwa hiyo mpangilio unakuwa A, R, A, W, T, M. Hadi hapo karibu kila mwanafunzi anapata. Tatizo ni kwamba machaguo mawili au matatu yatakuwa na mpangilio huohuo, na tofauti itakuwa kwenye herufi moja tu. M, T, W na A zina nusu mbili zinazofanana kushoto na kulia, kwa hiyo kioo kilichosimama hakizibadilishi hata kidogo. Ni R peke yake inayogeuka, tumbo na mguu wake vikaelekea kushoto. Aliyechagua ARAWTM yenye R ya kawaida amelisoma neno kinyumenyume, hakulitazama kwenye kioo.

Sasa liweke neno hilohilo juu ya maji. Mpangilio haubadiliki, unaanza na M na kuishia na A, lakini herufi zote sita zinapinduka: M inaonekana kama W, W kama M, T inasimama juu ya kichwa chake, A zinaelekeza ncha chini, na R inakuwa na mguu juu na tumbo chini. Kwa hiyo neno ambalo kwenye kioo lilibadilisha umbo la herufi moja, majini linabadilisha herufi zote.

LINDI hufanya karibu kinyume cha hayo. Kwenye kioo kilichosimama kulia, mpangilio ni I, D, N, I, L, na herufi tatu zinageuka: D, N na L. Majini mpangilio unabaki LINDI, D haibadiliki kwa kuwa nusu yake ya juu inafanana na ya chini, I nazo hazibadiliki, na zinazobadilika ni L na N tu. L inakuwa na mstari wake mfupi juu badala ya chini.

Herufi kubwa ambazo kioo kilichosimama hakizibadilishi ni A, H, I, M, O, T, U, V, W, X na Y. Ambazo maji hayazibadilishi ni B, C, D, E, H, I, K, O na X. Sipendi kuwakaririsha vijana orodha hizi, maana anayekariri husahau moja akiwa kwenye chumba cha mtihani na hajui ni ipi. Ni afadhali kuikata herufi kwa jicho: mstari wa kusimama ukiigawa katika nusu mbili zinazolingana, kioo cha kando hakiigusi; mstari wa kulala ukiigawa hivyo, maji hayaigusi.

Dalili: umeegemea herufi N, S au Z, na hukuweza kutofautisha kioo na maji

Herufi hizi tatu huwasumbua hata wanaoelewa. Igeuze N kwa kioo cha kando: mstari wake wa mshazari, uliokuwa ukishuka kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, sasa unashuka kutoka juu kulia kwenda chini kushoto. Ipindue majini: mshazari unafanya jambo hilohilo. Sababu yake ni kwamba N, S na Z ukizizungusha nusu duara zinarudi zilivyokuwa, na kioo cha kando na maji hutofautiana kwa nusu duara hiyo tu. Kwa hiyo katika neno LINDI, N haiwezi kukuambia lolote juu ya aina ya taswira. Itazame L, au itazame D.

Kwa herufi ndogo jambo hili linaonekana wazi zaidi. Kioo cha kando kinaifanya b kuwa d, maji yanaifanya b kuwa p, na kuizungusha nusu duara kunaifanya kuwa q. Ukikuta umejibu q mahali palipoulizwa kioo au maji ya b, umegeuza mara mbili.

Dalili: umbo ulilochagua lina kila kitu mahali panapoelekea kuwa sahihi, lakini ni umbo lililozungushwa

Chukua mraba wenye nukta nyeusi kwenye pembe ya juu kushoto, pembetatu ndogo kwenye pembe ya juu kulia, na kijistari kwenye pembe ya chini kulia. Anza kwenye nukta, ufuate mwendo wa mishale ya saa: utakutana na pembetatu, kisha kijistari. Kioo chochote, kiwe kimesimama au kimelala, lazima kiugeuze mfuatano huo. Kwenye kioo cha kando nukta inahamia juu kulia, pembetatu juu kushoto na kijistari chini kushoto. Ukifuata tena mwendo wa saa kutoka kwenye nukta, unakutana na kijistari kwanza, ndipo pembetatu. Majini nukta inashuka chini kushoto, na mfuatano ni huohuo wa nukta, kijistari, pembetatu.

Chaguo ambalo mfuatano wake unabaki nukta, pembetatu, kijistari, hata kama vyote vimehama pembe, limezungushwa tu, nalo linafutwa papo hapo. Katika machaguo matano mara nyingi njia hii hufuta mawili kabla hujaanza kufikiri juu ya kioo.

Kwa mazoezi ya nyumbani karatasi nyepesi inatosha. Chora umbo kwa kalamu nzito, ligeuze karatasi kama unavyofungua ukurasa wa daftari, kisha uliangalie kwa nyuma ukiwa umelielekeza kwenye mwanga: hiyo ndiyo taswira ya kioo cha kando. Ukiigeuza karatasi kutoka chini kwenda juu, unapata ya majini. Ukiizungusha ikiwa imelala mezani bila kuigeuza nyuma, hujapata taswira yoyote, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Kwa anayetaka kuona maji yenyewe, ghuba ya Mikindani wakati maji yamejaa na upepo umetulia ni kioo kizuri sana. Niliwahi kushika kadi yenye neno LINDI ukingoni pale, na watoto waliokuwa wakicheza jirani waliiona D isiyogeuka kabla sijawaonyesha.

Dalili: saa ya kioo imezidi kwa saa moja

Saa ya mishale inaonyesha 8:20, na swali linauliza inaonekanaje kwenye kioo. Kijana anatoa 8 katika 12 anapata 4, anatoa 20 katika 60 anapata 40, anaandika 4:40. Dakika ni sahihi, saa imezidi moja. Amesahau kwamba zile dakika 60 alizozitumia zimetoka ndani ya zile saa 12. Andika 12:00 kama 11:60, ndipo utoe:

```
11:60 − 8:20 = 3:40
```

Ikiwa saa ya swali inaanza na 12, kwa mfano 12:25, huwezi kuitoa katika 11:60, kwa hiyo ongeza mzunguko mmoja: 23:60 ukitoa 12:25 unabaki na 11:35. Jicho linakubali pia, kwani mshale mfupi uliokuwa umepita 12 kidogo sasa unaonekana haujaifikia 12.

Dalili: saa ya kioo imekosewa kwa saa sita kamili

Dalili hii sijaikuta ikielezwa katika vijitabu vya mazoezi nilivyotumia. Inatuhusu sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko, na kwa maoni yangu inahitaji nafasi kubwa kuliko nyingine zote.

Niliiona mara ya kwanza kwa kinyozi. Nilikuwa nimekaa kitini, kioo kikubwa mbele yangu, na saa ya ukutani iko nyuma yangu juu ya mlango. Kijana mmoja wa darasa langu alikuwa akisubiri zamu kwenye benchi, amekaa akiitazama saa yenyewe. Ndani ya kioo mimi niliona mshale mfupi uko upande wa kulia, umeelekea palipo na 3, na mrefu uko juu. Nikamwambia ajibu bila kugeuka kunitazama: hapo kwangu inasomekaje?

Akatazama saa halisi, akasema, "Mwalimu, hii ni saa tatu. Kumi na mbili toa tatu ni tisa. Kwako ni saa tisa."

"Sahihi. Sasa iandike kwa tarakimu, kama mtihani unavyotaka."

Akaandika kwenye simu yake 9:00, akanionyesha. Lakini 9:00 ndiyo iliyokuwa kwenye ukuta! Jibu lake la mdomo lilikuwa sahihi na la tarakimu lilikuwa kosa, na hakuna hesabu yoyote aliyoikosea katikati.

Chanzo ni hiki. Mshale mfupi ukiwa kwenye 9, sisi tunasema saa tatu. Alianza kwa Kiswahili, akatoa kwa Kiswahili, akapata saa tisa ya Kiswahili, yaani mshale mfupi kwenye 3, kisha akaandika 9 kana kwamba ni tarakimu iliyo usoni mwa saa. Amevuka kutoka hesabu moja kwenda nyingine mara moja tu, wakati wa kusoma, bila kurudi wakati wa kuandika, na tofauti ya hesabu hizo mbili ni saa 6.

Tiba yake si kuiacha saa ya Kiswahili, kwa sababu kanuni ya kutoa katika 12 inafanya kazi sawasawa kwa hesabu zote mbili. Jaribu na 8:20, ambayo kwetu ni saa mbili na dakika 20. Ukitoa katika 11:60 unapata 9:40, yaani saa kumi kasoro dakika 20, na saa ya namna hiyo ina mshale mfupi kati ya 3 na 4. Ni 3:40 ileile tuliyoipata awali. Kinachotakiwa ni kubaki upande mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: anza kwa tarakimu za usoni umalize kwa tarakimu za usoni, au anza kwa Kiswahili umalize kwa Kiswahili, kisha ubadilishe mara moja tu mwishoni kwa kuongeza au kupunguza 6. Hata kile kisa cha kuongeza mzunguko huhama: kwa tarakimu za usoni kinatokea mshale mfupi ukiwa umepita 12, lakini kwa Kiswahili kinatokea saa kumi na mbili na dakika zake, yaani mshale mfupi ukiwa umepita 6. Anayesoma 12:25 kama saa sita na dakika 25 hahitaji mzunguko wa ziada. Anatoa, anapata saa tano na dakika 35, na hiyo ni 11:35.

Njia ya kujikagua ni nyepesi. Mshale mfupi ukiwa nusu ya kushoto ya saa, kwenye kioo lazima uwe nusu ya kulia. Kama jibu lako limeuacha upande uleule, usitafute kosa kwenye kutoa; tafuta mahali ulipobadilisha lugha ya saa.

Dalili: umetoa vizuri, lakini saa ya swali haina mishale

Kanuni ya 11:60 ni ya mishale. Saa inayoandika tarakimu ni neno, na inageuzwa kama neno: mpangilio unarudi nyuma na kila tarakimu inageuka. Katika tarakimu za vijiti zinazoonekana kwenye saa za umeme, 0 na 8 hazibadiliki, 1 inabaki kijiti, na 2 na 5 hubadilishana. Kwa hiyo 12:51 inaonekana kwenye kioo kama 12:51 ileile.

Dalili: kwa saa ya majini, kanuni inatoa jibu moja na mchoro unaonyesha lingine

Kwa saa ya majini vijitabu hutoa muda katika 18:30. Kwa 8:20 unapata 10:10. Kijana makini akichora taswira yenyewe hukwama, na huniletea mchoro akidhani amekosea. Hajakosea.

Tuanze na saa nyepesi, 9:00. Mshale mfupi umelala kuelekea kushoto, na kwa kuwa umelala, maji hayaubadilishi. Unabaki kwenye 9. Mshale mrefu uliokuwa juu kwenye 12 unashuka hadi 6. Kanuni inasema 18:30 toa 9:00 ni 9:30. Lakini saa ya kweli inapokuwa 9:30, mshale mfupi uko katikati ya 9 na 10, nao wa kwenye maji umekaa juu ya 9 kabisa. Hakuna saa nzima duniani inayoweza kuonyesha mishale ya namna hiyo.

Sababu iko kwenye 12. Kioo cha kando kinaiacha 12 juu, kwa hiyo mishale yote miwili inaendelea kuhesabiwa kutoka mahali pamoja na kupatana. Maji yanaipeleka 12 chini. Kwa mshale mrefu kuhama huko ni dakika 30 za kuongeza au kupunguza, lakini mshale mfupi hauna habari na dakika hizo 30. Kwa hiyo katika taswira ya majini mishale miwili hutofautiana daima kwa nusu saa, yaani nyuzi 15 za mshale mfupi.

Tuirudie 8:20. Mshale mrefu ulikuwa kwenye 4, majini unakwenda kwenye 2, nayo ni dakika 10 kama kanuni inavyosema. Mshale mfupi ulikuwa theluthi moja ya njia kutoka 8 kwenda 9. Majini unaonekana theluthi mbili ya njia kutoka 9 kwenda 10. Saa ya kweli ya 10:10 ingeuweka mbele kidogo ya 10. Ndiyo maana anayesoma mchoro kwa macho husema 9:10, na anayetumia kanuni husema 10:10.

Kwa hiyo tazama machaguo kabla ya kuchagua njia. Yakiwa ni tarakimu, mtunzi ametumia kanuni ya 18:30, jibu analolitaka ni 10:10. Yakiwa ni michoro, weka kanuni kando na uupindue kila mshale peke yake kutoka juu kwenda chini: mrefu kutoka 4 hadi 2, na mfupi kutoka baada ya 8 hadi kabla ya 10. Mchoro wenye mshale mfupi uliopita 10 kidogo utakuwapo katika machaguo hayo, umewekwa kwa ajili ya aliyekwenda na kanuni.